Koma moja kwenye kifungu cha malipo: inavyohamisha deni, na namna ya kukirekebisha

Kifungu chenyewe ni hiki. Kilitoka kwenye mkataba wa mbao ulioletwa mezani kwangu hapa Mafinga msimu wa mvua, na wenye mkataba siwataji.

"Mnunuzi atalipa gharama za kupakia na gharama za gari kulala, ikiwa kuchelewa kumesababishwa naye."

Mbao zilikuwa 800 za paini, mbili kwa nne. Kupakia walikubaliana shilingi 150 kwa ubao, yaani 120,000. Gari likilala bila kuondoka, mwenye gari anadai 100,000 kwa kila usiku. Vijana walipakia vizuri, kisha mvua ikashuka, njia ya kutoka shambani ikawa tope tupu na gari likalala siku 2. Hapo ikaongezeka 200,000.

Muuzaji alikuja na hesabu yake akijua kwamba kupakia ni kwa mnunuzi, maana ndivyo walivyoongea. Mnunuzi akaweka kidole palepale kwenye koma, kabla ya neno "ikiwa". "Mvua sikuileta mimi," akasema, "kwa hiyo hata kupakia silipi."

Alichokuwa anadai ni hiki: koma imelitenga sharti na neno la jirani, kwa hiyo sharti linarudi nyuma na kufunika yote mawili, kupakia na gari kulala. Kwa usomaji huo mnunuzi hadaiwi kitu, na 320,000 zote zinamwelemea muuzaji. Toa koma, usomaji wa kawaida unabadilika: sharti linashikana na "gharama za gari kulala" peke yake, na mnunuzi anadaiwa 120,000 za kupakia, mvua inyeshe isinyeshe.

Tuanze kukirekebisha.

Hatua ya 1: tafuta neno la sharti. Chukua kalamu, pigia mstari kila "ikiwa", "endapo", "isipokuwa", "mradi" na "hadi" kwenye vifungu vya malipo. Ugomvi wa koma hukaa karibu na maneno haya, hasa yanapofuata orodha ya vitu viwili au zaidi vilivyounganishwa na "na" au "au".

Hatua ya 2: lipeleke sharti kwa kila kitu, kimoja kimoja. Andika pembeni: "Mnunuzi atalipa kupakia ikiwa kuchelewa kumesababishwa naye." Kisha: "Mnunuzi atalipa gari kulala ikiwa kuchelewa kumesababishwa naye." Wasomee pande zote mbili kwa sauti, na uulize kama ndivyo walivyokubaliana. Sentensi ya kwanza wote wawili waliikataa, hata mnunuzi mwenyewe, baada ya kukaa kimya kidogo. Kupakia hakuna uhusiano na kuchelewa. Kazi hiyo hufanyika gari liondoke mapema au lichelewe.

Hatua ya 3: usiishie kufuta koma. Wengi hukosea hapa. Ukifuta koma tu, bado msomaji mbishi anaweza kudai sharti linafunika yote mawili, kwa sababu sentensi yenyewe haimkatazi. Kuna na tundu la pili: 200,000 za gari kulala kwa ajili ya mvua hazina mwenyewe. Kifungu kinasema nani analipa mnunuzi akichelewesha. Mvua ikichelewesha, kipo kimya.

Hatua ya 4: malipo mamoja, sentensi moja, na hali zote zitajwe. Tuliandika hivi:

5(a) Mnunuzi atalipa gharama zote za kupakia, Sh 150 kwa kila ubao, gari likichelewa au lisipochelewa.
5(b) Gari likilala kwa sababu ya mnunuzi, mnunuzi atalipa Sh 100,000 kwa kila usiku.
5(c) Gari likilala kwa sababu ya muuzaji, muuzaji atalipa kiasi hichohicho.
5(d) Gari likilala kwa sababu isiyotokana na yeyote kati yao, kama mvua au njia kufungwa, kila mmoja atalipa nusu.

Sharti limekuja mbele ya sentensi na linashika malipo mamoja tu. Hata ukizitoa koma zote hapo, deni halihami. Kwa mzigo ule mnunuzi alilipa 220,000 na muuzaji 100,000. Hiyo nusu kwa nusu ya mvua walipatana wenyewe siku hiyo, mimi niliandika tu.

Hatua ya 5: kama mkataba umeshasainiwa, usichukue kalamu ukafuta kwenye nakala yako. Kubadilisha hati peke yako baada ya saini kunaweza kukupotezea hata haki uliyokuwa nayo. Andika karatasi ya nyongeza: tarehe ya mkataba wa awali, namba ya kifungu, maneno ya zamani kama yalivyo na koma yake, maneno mapya, na yanaanza kutumika kwa mzigo upi. Pande zote zisaini na mashahidi, kila mmoja abaki na nakala.

Na msidhani koma ni ubishi wa sokoni tu. Kanada kulikuwa na mkataba wa kutumia nguzo za umeme na simu kati ya kampuni za Rogers na Aliant, wa miaka 5 na kuendelea kwa vipindi vya miaka 5, na kifungu cha kuvunja kwa notisi ya mwaka mmoja. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano iliamua kwamba koma iliyotangulia maneno ya kuvunja iliruhusu kuvunja hata ndani ya miaka 5 ya kwanza. Mwaka 2007 uamuzi ukageuzwa baada ya kusoma nakala ya Kifaransa, ambayo haikuwa na utata ule.

MASWALI

Mwanachama, Makambako: Shikamoo mwalimu. Kiswahili kina ngeli, je, haziwezi kufanya kazi ya koma?

Marahaba. Zinaweza, na mara nyingi zina nguvu kuliko koma. Tazama "gharama za kupakia na ushuru utakaodaiwa njiani": "utakao-" inashika ushuru peke yake. Ukiandika "vitakavyodaiwa", umeshika vyote viwili. Lakini kwenye kifungu chetu vitu vyote ni "gharama", ngeli moja, kwa hiyo "zitakazodaiwa" isingetenganisha kitu. Na "ikiwa" haibebi ngeli kabisa.

Mwanachama, Tukuyu: Mwenzangu amekataa kusaini nyongeza. Anasema koma inamfaa. Nifanyeje?

Kusanya kinachoonyesha mlichokusudia: meseji za bei, risiti za mizigo iliyopita ambayo yeye ndiye alilipia kupakia, daftari la vijana wa kupakia. Kisha mwandikie barua ya kueleza unavyokisoma kifungu, ubaki na nakala yenye tarehe. Mkataba ukisomeka kwa namna mbili, mazoea yenu ya malipo yana uzito. Angalia pia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 29: makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kupatikana ni batili. Mwonyeshe hilo, maana utata ukizidi hata yeye anaweza kukosa pa kushika. Kama fedha ni nyingi, muone wakili kabla ya mzigo unaofuata.

Mwanachama, Njombe: Basi tuziondoe koma zote kwenye mikataba?

Hapana, dada. Ziache kwenye orodha na kwenye tarakimu. Unachofanya ni kusoma kila kifungu cha malipo mara mbili, mara ya pili ukijifanya koma hazipo. Kikibadilika maana, kivunje kama tulivyofanya 5(a) hadi 5(d).

Mwanachama, Iringa mjini: Nina mkataba wa viazi unasema "muuzaji atalipa ushuru na usafiri, isipokuwa mzigo ukizidi gunia 60." Mzigo ukizidi, nani analipa?

Kifungu hakisemi. Kinamwondoa muuzaji tu, na kwa koma hiyo kinamwondoa kwenye ushuru na usafiri pamoja. Rudini mezani kabla hamjapakia, muandike nani atalipa ushuru na nani atalipa usafiri kuanzia gunia la 61, na kama ni kwa gunia zilizozidi au kwa mzigo mzima.