Kimondo au jiwe zito tu? Pima kabla hujatafuta mnunuzi

Mawe mengi yanayodhaniwa kuwa vimondo ni mazito na yanavutwa na sumaku. Tatizo ni kwamba hata madini ya chuma ya hapa hapa duniani yako hivyo. Tuchukue jiwe moja jeusi la gramu 840 tulifuate hadi mwisho.

Hatua ya 1. Funga sumaku ndogo kwenye uzi, isogeze karibu. Vimondo karibu vyote huivuta, kwa hiyo jiwe lisiloivuta kabisa liweke kando. Sumaku kali ya spika usiitumie, maana inafuta alama za usumaku wa kale ambazo watafiti huzisoma. Jiwe letu limeivuta.

Hatua ya 2. Weka chombo cha maji juu ya mizani ya kidijitali, irudishe sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa chini. Imesoma 160. Gawanya: 840 ÷ 160 = 5.25, yaani jiwe ni zito mara 5.25 ya maji ya ujazo uleule. Vimondo vya mawe, ambavyo ndivyo vingi zaidi, huwa kama 3.2 hadi 3.8, vya chuma hukaribia 8. Vile vya mchanganyiko wa chuma na mawe hukaa katikati, ila ni adimu sana. Na 5.2 ni palepale pa hematiti na magnetiti, madini ya chuma ya hapa duniani. Hapo mimi huanza kushuku.

Hatua ya 3. Likwaruze nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Limeacha mstari mwekundu wa damu ya mzee: ni hematiti, kesi imekwisha. Mstari mweusi ungekuwa magnetiti. Kimondo kisicho na kutu hakiachi mstari, au huacha wa kijivu hafifu.

Hatua ya 4, kwa lililovuka hapo: sugua kona ndogo kwa msasa. Kimondo cha mawe kwa kawaida huonyesha chembe za chuma zinazometameta, mara nyingi pamoja na vijiduara vidogo vya mawe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, langu lina matundu kama sponji na linavuta sumaku.*
Hayo kwa kawaida ni mavi ya chuma, mabaki ya tanuru. Kimondo mara nyingi huwa na mabonyeo juu kama ya vidole kwenye udongo, si vitundu vya mapovu.

*Kile cha Mbozi ni aina gani?*
Cha chuma, takribani tani 16, chenye nikeli. Nikeli ndiyo ithibati, nayo inahitaji maabara. Peleka kipande GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, Dodoma.

*Kikianguka leo nitakitambuaje?*
Tafuta gamba jembamba jeusi lililoungua, ndani likiwa la kijivu. Vya Mbale, Uganda, mwaka 1992 vilikuwa vya mawe. Kimoja cha gramu chache kilipita kwenye majani ya mgomba, kikamgonga kijana kichwani bila kumjeruhi. Usikioshe, kifunge kwenye karatasi safi ya aluminiamu, kisipate unyevu.