Spika ya kaunta haisemi nani kalipa
Wenye duka hapa Kampala, ile spika ndogo ya kutangaza malipo ya simu ikisema "umepokea shilingi elfu tano" ujue hela imeingia akaunti ya biashara, ila haisemi nani katuma. Juzi wateja wawili walichukua bidhaa za elfu tano kila mmoja, spika ikatangaza mara moja tu na wote wakadai ni yao. Siku hizi naomba namba ya muamala, nalinganisha tarakimu nne za mwisho na meseji yangu ndo natoa mzigo. Ikinyamaza usimlipishe mtu tena, spika ina laini yake, netiweki yake ikikatika hela inaingia kimyakimya, cheki salio kwanza. Netiweki ikizima hadi kwenye simu yako, kucheki huku hakusaidii, ni kusubiri tu.