Wasifu wa mwanasayansi kwa watu wa kawaida

Ukiandika wasifu wa mwanasayansi kwa bango la mhadhara wa wazi pale Malindi, anza na swali analolichunguza, vyeo vifuate. Tuseme mtaalamu wa matumbawe ameandika: «Mtafiti wa ikolojia ya bahari, mbobezi wa upaukaji na ustahimilivu wa mifumo ya miamba.» Mvuvi akiusoma hajui huyu mtu anafanya nini.

Uandike hivi: «Anachunguza kwa nini matumbawe hugeuka meupe bahari inapopata joto kupita kiasi, na kwa nini baadhi hupona. Huzamia katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi na kuhesabu matumbawe yaliyo hai. Ana shahada ya uzamivu ya sayansi ya bahari.»

Hapo ndipo wengi huteleza: kwa kutaka wepesi huandika «matumbawe hufa». Si kweli. Tumbawe jeupe limepoteza mwani mdogo mno unaoishi ndani yake na kulilisha; bado lina uhai, na joto likipungua mapema laweza kupona. Neno «hugeuka meupe» ni jepesi na ni sahihi.

Vilevile usiandike «anaokoa matumbawe» ikiwa kazi yake ni kuyahesabu. Mamlaka yake yanatokana na kazi anayoifanya majini, na shahada moja inatosha kuyathibitisha.

Kisha msomee mvuvi na umwombe aeleze kazi hiyo kwa maneno yake. Akisema «anapanda matumbawe», rekebisha sentensi ya pili.