Kupima rozela kwa DPPH: iondoe kwanza rangi ya rozela yenyewe

Wiki iliyopita nilikaa na mdogo wangu anayefanya utafiti wa shahada yake kuhusu rozela kavu aliyoinunua Kariakoo. Majibu yake yalionyesha kwamba rozela haina nguvu yoyote ya maana dhidi ya radikali huru. Tatizo halikuwa rozela.

1. Pima miligramu 3.94 za DPPH, yeyusha kwenye methanoli hadi ifike mililita 100. Utapata rangi ya zambarau iliyokolea; DPPH ni radikali huru, na zambarau yake hufifia inapozimwa na rozela. Funga chupa kwa foili na uitengeneze upya kila siku ya kazi.

2. Andaa kimiminika cha rozela kwa methanoli pia. Ukileta cha maji, utelezi wa rozela unaganda ukikutana na methanoli, mchanganyiko unakuwa na ukungu, na mashine inauhesabu ukungu kama rangi.

3. Hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. DPPH inasomwa kwenye nanomita 517, na wekundu wa rozela nao unafyonza mwanga karibu na hapohapo. Zambarau inapungua, wekundu unaziba pengo. Kwa hiyo andaa mirija mitatu:

Mrija K: mililita 3 za DPPH na 1 ya methanoli.
Mrija S: mililita 3 za DPPH na 1 ya rozela.
Mrija R: mililita 3 za methanoli na 1 ya rozela.

Ziba mirija, maana joto la Dar huvukiza methanoli upesi, kisha iache gizani dakika 30. Sifurisha spektrofotomita kwa methanoli tupu, usome. Mimi natumia kuveti za kioo. Za plastiki zikishachubuka hazisomi sawasawa.

Sisi tulipata K 0.84, S 0.51 na R 0.23. Bila R, jibu ni asilimia 39. Ukiitoa R:

```
% = (K - (S - R)) / K x 100
  = (0.84 - 0.28) / 0.84 x 100 = 66.7
```

Mrija R uandaliwe kwa kila kiwango cha rozela. Usichukue mmoja ukautumia kwa vyote.

Hata hivyo, marekebisho haya yana mpaka. Wekundu wenyewe ni sehemu ya vitu vinavyopambana na DPPH, kwa hiyo ndani ya mrija S unafifia kidogo, wakati ndani ya R umebaki mzima. Unatoa rangi nyingi kuliko iliyopo, na asilimia inapanda kupita ukweli. Dalili yake ni jibu linalopita 100, jambo lisilowezekana, kwa sababu DPPH iliyokwisha bado huacha umanjano unaofyonza kidogo. Ukiona hivyo, zimua rozela mpaka R ishuke chini ya 0.1, kisha upime upya.

4. Rudia kwa viwango vitano, chora grafu, usome kiwango kinachokata asilimia 50.