Kusoma spek za tivii kabla hujalipa: Hz halisi ya paneli na zile namba za kwenye boksi

Mimi ni fundi wa tivii, na swali ninaloletewa sana WhatsApp ni picha ya boksi limeandikwa 120 kubwaa halafu mtu anauliza "fundi, hii ni 120 kweli?" Mara nyingi sio, na ukijua kusoma spek unajua mwenyewe kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: pata modeli kamili. Usiishie kwenye "inchi 55 smati 4K", mwambie muuzaji akugeuzie tivii upige picha ile stika ya nyuma, herufi na namba zote mpaka za mwisho, maana za mwisho mara nyingi ndo zinaonyesha imetengenezwa kwa soko gani. Saizi nayo iangalie, kuna familia za tivii ambazo ya inchi 43 ni 60Hz na ya inchi 55 jina lilelile ni 120Hz. Ukishapata modeli ingia tovuti ya kampuni yenyewe, fungua sehemu ya `Specifications`.

Hatua ya 2: tafuta mstari wa `Refresh Rate`. Kwingine wanaandika `Native Refresh Rate` au `Panel Refresh Rate`. Hiyo ndo paneli inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, na jibu litakuwa 50, 60, 100, 120, zingine 144. Ukikuta 50Hz usishtuke, ni paneli ileile ya 60 ila spek imeandikwa kwa nchi ambazo matangazo yake yanaenda kwa 50, na 100Hz vilevile ni ile ya 120.

Hatua ya 3: tenganisha namba za matangazo. Samsung wana `Motion Rate`, LG `TruMotion`, Sony `Motionflow`. Dalili yake ni kwamba mara nyingi namba imesimama peke yake bila Hz. Hapo wamechanganya Hz ya paneli na kazi ya prosesa na namna taa ya nyuma inavyozimwa na kuwashwa, kila kampuni na hesabu yake. Kugawa kwa mbili kunasaidia kukisia, `TruMotion 120` ya LG kwa mfano imekaa kwenye paneli za 60Hz, lakini usinunulie hesabu hiyo, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: soma mistari kwa pamoja. Tuchukue spek kama hii, za aina hii zimejaa madukani:

```
Refresh Rate    60Hz
Motion Rate     120
MEMC            Yes
Game Mode       120Hz DLG
```

Mstari wa kwanza umeshamaliza ubishi, paneli ni 60. Sasa `MEMC`, hapa ndo wapenzi wa mpira wanapigwa. MEMC inatengeneza fremu za katikati na kuzichomeka kati ya zile halisi ili mwendo uwe laini. Muvi ina fremu 24 kwa sekunde kwa hiyo kwenye paneli ya 60 nafasi ya kuchomeka ipo. Ila mpira wa kwenye dekoda unakuja na mwendo wa 50 kwa sekunde, paneli yenyewe inaishia 60, sasa fremu ya nyongeza itakaa wapi? Hakuna. Kwenye paneli ya 100/120 kila fremu ya mpira inapata moja ya kuongezea, na hapo ndo unauona mpira mrefu ukikatiza uwanja bila kuacha ukungu mwingi nyuma yake. Kama tivii ni ya taarifa ya habari na tamthilia tu, 60 inatosha kabisa, hela iliyobaki weka kwenye saizi au spika.

`DLG` nayo ielewe vizuri. Picha ya 4K ina mistari 2160 kutoka juu mpaka chini, DLG inaichora miwili miwili kwa mpigo, unapata 120 kweli lakini mistari inabaki nusu. Kwa gemu ya mbio au mpira inasaidia, ila sio 4K ya 120.

Hatua ya 5: angalia HDMI kama una PS5 au Xbox Series X. Neno `HDMI 2.1` peke yake halitoshi, kuna tivii za 60Hz zinaandikwa hivyo kihalali kabisa. Tafuta `4K@120Hz` na ujue ni tundu lipi, maana kwenye tivii nyingi ni matundu mawili tu kati ya manne.

Hatua ya 6: pima dukani ukiweza. Beba Xbox Series X na kebo yake iliyokuja nayo, ingia `Settings > General > TV & display options > 4K TV details`, itakuorodheshea tivii inakubali nini, wewe tafuta mstari wa 4K kwa 120Hz. Kama unatumia laptop ambayo HDMI yake inatoa 4K kwa 120, weka kwanza 3840 x 2160 ndo uangalie Hz, kwa sababu ukiiacha kwenye 1920 x 1080 hata paneli ya 60 yenye DLG itakuonyesha 120 na utaondoka umeridhika bure.

Na kama umezunguka spek nzima ya kampuni hujaona `Refresh Rate` popote, yapo majina ya mwendo tu, wewe ihesabu ni ya 60 na bei mpatane ya 60.