Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurudisha Draiva ya Sauti Baada ya Sasisho

Kabla ya kuruhusu sasisho kubwa la Windows, ni vyema kunakili draiva zilizopo kwenye flashi, kwa sababu kitufe cha Roll Back Driver hufanya kazi tu pale ambapo mfumo umehifadhi draiva ya awali ya kifaa husika. Mfumo usipoihifadhi, kitufe hufifia na hakibonyezeki. Tengeneza kwanza folda kwenye flashi, kisha fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike amri hii, ukibadilisha herufi ya flashi inapobidi:

```
pnputil /export-driver * D:\Draiva
```

Ikiwa sasisho limeshapita na kompyuta inadai kwamba haina kifaa cha kutoa sauti, anza na huduma, kwa kuwa ukaguzi wake ni wa dakika moja na hauharibu kitu. Katika services.msc, Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder zote mbili zinapaswa kuonyesha Running. Ya kwanza huitegemea ya pili, hivyo anza kuwasha ya pili.

Huduma zikiwa nzima, fungua Device Manager, nenda View, uchague Show hidden devices. Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami naomba usifute chochote kwa haraka. Jina lililofifia lina maana kwamba Windows inakikumbuka kifaa lakini haikioni kwa sasa. Hata hedifoni uliyoichomoa mwaka jana huonekana hivyo.

Chukua mfano wa laptopu ambayo jina Realtek limefifia chini ya Sound, video and game controllers, na ukilifungua unakuta Code 45, yaani kifaa hakijaunganishwa. Chipu hiyo imeshikizwa kwenye ubao na haiwezi kuchomoka yenyewe, kwa hiyo tatizo litafutwe kwenye kidhibiti kinachoiunganisha na mfumo. Shuka hadi System devices: ukikuta alama ya njano kwenye Intel Smart Sound Technology, draiva ya kurudisha nyuma ni hiyo, wala si ya Realtek. Bofya jina lake mara mbili, ingia Driver, ubonyeze Roll Back Driver, kisha uwashe kompyuta upya. Kidhibiti kikipona, Realtek hurejea na wino wake kamili, na alama ya spika huonekana bila msalaba.

Kitufe kikiwa kimefifia, tumia ile nakala ya flashi, lakini usiiachie Windows itafute yenyewe, maana itajibu kwamba draiva bora imeshawekwa. Chagua Update driver, Browse my computer for drivers, Let me pick from a list of available drivers on my computer, kisha Have Disk, uielekeze kwenye folda yenye draiva ya zamani.