Somo: Kuchambua mwanamume, mwanamke, mvulana na msichana kwa vijenzi vya maana

Ukimuuliza mtu "msichana" ni nini, atakujibu kwa sentensi nzima, na bado hutaona neno hilo linahusianaje na "mvulana". Uchanganuzi wa vijenzi unalivunja neno katika vipande vidogo vya maana, kisha unaonyesha kipande gani linashirikiana na jirani yake na kipi kinawatenga.

Hatua ya 1: Kusanya maneno ya uwanja mmoja. Haya manne yote yanataja watu, kwa hiyo yote yana kijenzi [+BINADAMU]. Usiongeze [+HAI], kwa kuwa kimeshabebwa na BINADAMU.

Hatua ya 2: Yapambanishe mawili mawili. Anza na yale yanayotofautiana kwa jambo moja tu. Mwanamume na mwanamke wanatengwa na jinsi, mwanamume na mvulana wanatengwa na ukubwa. Ukianza na mwanamume na msichana utakwama, maana hapo mambo mawili yamebadilika kwa mpigo.

Hatua ya 3: Vipe vijenzi majina. Natumia KIUME na MZIMA. Herufi kubwa zina kazi yake: "mzima" mtaani ni mwenye afya, na "mtu mzima" wakati mwingine ni mzee kwa lugha ya heshima. Hapa MZIMA ni lebo tu ya aliyevuka utoto na ujana. Wapo wanaopendekeza BALEHE, lakini msichana wa miaka 16 ameshabalehe na bado ni msichana.

Hatua ya 4: Chora jedwali.

```
            BINADAMU   MZIMA   KIUME
mwanamume      +         +       +
mwanamke       +         +       -
mvulana        +         -       +
msichana       +         -       -
```

Vijenzi viwili vyenye alama mbili kila kimoja vinatoa michanganyiko minne, na kila neno limepata wake. Mistari miwili ikifanana, ujue kuna kijenzi umekisahau.

Hatua ya 5: Jaribu kwa sentensi. Kiingereza kina viwakilishi vinavyotaja jinsi. Sisi tukisema "amefika" hatujafichua kitu, basi ushahidi wa KIUME tuutafute kwingine. Mimi huutafuta kwenye kuoa na kuolewa. "Mwanamke yule ameoa" inamfanya msikilizaji adhani ulimi umeteleza. "Mwanamume yule ameolewa" inasikika kama kejeli, na kweli watu huitumia kumsimanga anayelishwa na mkewe. Kejeli hiyo isingeuma kama KIUME kisingekuwa ndani ya neno.

Jaribio hilohilo linafukuza vijenzi bandia. Kosa ninalokutana nalo sana kwenye kusahihisha ni [+NGUVU] kwa mwanamume. Sema "mwanamume dhaifu": sentensi haivunjiki, basi nguvu ni mazoea yetu tu, si kijenzi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, "mtoto" anakaa wapi?*

Ni [+BINADAMU, -MZIMA], na KIUME unakiacha wazi. Usiweke alama ya kutoa, utakuwa umemfanya wa kike. Ndiyo maana "mtoto wa kiume" ni sawa ila "mvulana wa kiume" ni kurudia. Bibi anayesema "mtoto wangu ana miaka 50" anatumia maana ya pili, ya uzazi. Hiyo ipe mstari wake.

*Mama mdogo wangu ana miaka 35, hajaolewa, na majirani wanamwita msichana. Jedwali si limekufa?*

Limejeruhiwa. Katika "msichana", ndoa na uzazi vina uzito ambao MZIMA hakiubebi. Kaka wa umri huo asiyeoa haitwi mvulana, ataitwa kijana au kapera. Kwa hiyo maneno haya mawili hayalingani kama jedwali linavyodai. Unaweza kumwongezea msichana kijenzi cha ndoa, lakini ule mpangilio wa nne kamili utauharibu.

*Kwa nini mwanamke ndiye apewe alama ya kutoa?*

Ni mazoea ya waandishi tu. Tumia KIKE, geuza alama zote, na jedwali litafanya kazi ileile.

*Naweza kuchambua majina ya ukoo hivihivi?*

Unaweza, hata mbinu hii ilipata umaarufu mwaka 1956 kwa makala za Goodenough na Lounsbury kuhusu istilahi za ukoo. Ila kujumlisha na kutoa hakutakutosha. Mjomba hana alama ya "ujomba" mwilini; ni kaka wa mama wa fulani, basi lazima uandike uhusiano. Na wifi ni mgumu zaidi. Mke wa kaka yetu, mimi mwanamke namwita wifi, mdogo wangu wa kiume anamwita shemeji. Mtu ni yuleyule. Kijenzi kilichobadilika kiko kwa msemaji.